Maji, Umeme na Dizeli ya Jenereta Hotelini: Kupanga Akiba Tatu kwa Hesabu Moja

Katika hoteli ambayo maji ya bomba hukatika kwa siku kadhaa na umeme hupotea kwa saa nyingi kila wiki, mara nyingi fundi bomba ndiye huchagua matangi, fundi umeme huchagua jenereta, na mhasibu huamua kiasi cha dizeli kitakachonunuliwa. Kila mmoja hufanya kazi yake vizuri, lakini hesabu zao hazikutani. Ndipo hutokea hoteli yenye maji tele chini ya ardhi ambayo hayapandi vyumbani kwa sababu dizeli imekwisha, au jenereta kubwa inayonguruma usiku kucha kwa ajili ya taa za korido na friji chache. Mwongozo huu unazipanga akiba zote tatu pamoja, kwa kuwa maji yanategemea pampu, pampu inategemea umeme, na umeme wa akiba unategemea dizeli.

Ili hesabu zionekane, tutatumia mfano wa hoteli moja ya vyumba 40 yenye ghorofa tatu, mgahawa, vyumba vya baridi vya kuhifadhia chakula na chumba cha kufulia. Tarakimu ni za mfano huo tu. Kila hoteli itapata zake kwa kupima.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kununua

Tenga wiki nne za kupima. Funga mita ya maji kwenye bomba linaloingia katika tangi, na nyingine kwenye bomba linalotoka tangini kwenda kwa watumiaji. Mita ya kwanza hueleza kiasi unacholetewa, ya pili hueleza kiasi unachotumia, na mambo haya mawili hayapaswi kuchanganywa. Zisomwe kila siku kwa saa ileile, na tarakimu ziandikwe pamoja na idadi ya wageni waliolala.

Usiku mmoja au miwili, soma mita ya matumizi saa 8 usiku na tena saa 10 usiku, wakati karibu kila mtu amelala. Ikiwa imesogea kwa lita mia kadhaa katika saa hizo mbili, maji yanavuja mahali fulani, na mara nyingi ni kwenye matangi ya vyoo ambayo valvu zake hazifungi sawasawa. Tia rangi ya chakula kidogo ndani ya tangi la choo na usubiri robo saa bila kulivuta. Rangi ikionekana kwenye bakuli, valvu inavujisha. Kurekebisha valvu hizo ni rahisi kuliko kujenga tangi la kuhifadhi maji yatakayopotea.

Kwa upande wa umeme, andika saa ambayo umeme ulikatika na saa uliyorudi, kila mara. Pia mwombe fundi afunge kifaa cha kurekodi mzigo kwenye ubao mkuu kwa wiki nzima, kwa sababu mzigo wa jioni, wa mchana na wa usiku wa manane hutofautiana sana. Hatimaye andika jambo ambalo wengi hulisahau: ni siku ngapi hupita tangu dizeli iagizwe hadi gari lifike, katika hali ya kawaida na katika hali mbaya kabisa uliyowahi kukutana nayo.

Hatua ya pili: maji, na swali linalotangulia ukubwa wa tangi

Hoteli yetu ya mfano, ikijaa, hulaza wageni 72. Kwa lita 250 kwa kila mgeni, kufua kukiwemo, wanatumia lita 18,000 kwa siku. Wafanyakazi 35 kwa lita 50 kila mmoja wanaongeza lita 1,750, na walaji wa nje 60 kwa lita 25 wanaongeza lita 1,500. Jumla ni kama lita 21,000 kwa siku, yaani lita 147,000 kwa wiki.

Kabla ya kuuliza tangi liwe kubwa kiasi gani, linganisha kwanza mapato na matumizi ya wiki nzima. Tuseme maji hutoka siku 4 kwa wiki, saa 14 kwa siku, na mita ya kuingilia inaonyesha lita 3,000 kwa saa. Hoteli inapata lita 42,000 kwa kila siku yenye maji, sawa na lita 168,000 kwa wiki, ambazo zinazidi matumizi kwa lita 21,000. Hapo tangi litasaidia. Lakini maji yangetoka siku 3 tu, mapato yangekuwa lita 126,000, na tangi la ukubwa wowote lingekauka baada ya wiki kadhaa, kwa sababu kazi ya tangi ni kuhamisha maji ya siku moja yatumike siku nyingine, wala haliongezi hata lita moja. Hoteli yenye upungufu wa namna hiyo inahitaji chanzo cha pili, kama kisima kirefu au mkataba wa boza la maji, na fedha zielekezwe huko kwanza.

Sasa hesabu ya tangi. Siku 3 zisizo na maji zinahitaji lita 63,000. Ongeza siku moja kwa ajili ya wiki ambayo maji yatachelewa, upate lita 84,000. Kisha kumbuka kwamba maji ya chini kabisa hayachotwi, kwa kuwa mdomo wa bomba la pampu hukaa juu ya tope. Ukitoa asilimia 10 kwa sababu hiyo, unahitaji ujazo wa karibu lita 93,000. Angalia pia kama tangi litajaa tena kwa wakati: katika siku yenye maji zinaingia lita 42,000 na kutumika lita 21,000, hivyo zinabaki lita 21,000, na siku 4 zinatosha kurudisha lita 84,000 zote. Maji ya kuzimia moto huhesabiwa kando, kwa kiasi kinachotakiwa na mamlaka ya zimamoto. Yakikaa katika tangi hilohilo, bomba la matumizi ya kawaida litolewe juu ya usawa wake ili yasiweze kutumiwa kwa bahati mbaya.

Gawanya ujazo huo sehemu mbili. Sehemu kubwa, kama lita 83,000, iwe katika tangi la chini, la kiwango cha ardhi au pungufu, ili maji ya bomba yenye msukumo mdogo yaingie yenyewe hata umeme ukiwa umekatika. Tangi hilo liwe na vyumba viwili vyenye valvu kati yake, ili kimoja kisafishwe huku kingine kikihudumia hoteli. Lita 10,000 zilizobaki ziwe juu ya paa. Lita 10,000 za maji zina uzito wa tani 10 bila kuhesabu tangi lenyewe, kwa hiyo mhandisi wa majengo aidhinishe paa kabla ya kitu chochote kupandishwa.

Tangi la juu ndilo kiungo cha mpango mzima. Lina maji ya karibu nusu siku yanayoshuka kwa uzito wake yenyewe, hivyo pampu haihitaji umeme kila mgeni anapofungua bomba. Pampu ya kupandisha lita 5,000 kwa saa hadi kimo cha mita 25, yenye mota ya kilowati 1.1 hivi, hupandisha maji yote ya siku kwa saa 4 na dakika chache. Saa hizo unaweza kuziweka wakati jenereta inafanya kazi kwa sababu nyingine. Hoteli inayosukuma maji moja kwa moja vyumbani kwa pampu za msukumo, bila tangi la juu, imejifunga kuwasha jenereta usiku kucha kwa ajili ya mgeni mmoja atakayeoga saa 9 usiku. Maboya yawe mawili: la tangi la juu lisimamishe pampu tangi hilo linapojaa, na la tangi la chini liizuie isizunguke kavu, kwa kuwa pampu inayozunguka bila maji huunguza sili yake katika muda mfupi.

Maji yakikatika, msukumo ndani ya mabomba ya mtaani hushuka na uchafu wa nje huweza kunyonywa kupitia nyufa. Kwa hiyo weka bomba la kumwagia kabla ya tangi, na uache maji ya kwanza yatoke hadi yawe meupe. Kisha pima klorini iliyobaki kwenye bomba la chumba kilicho mbali zaidi. Inayofaa ni miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, na hupungua kadiri maji yanavyokaa. Kuongeza miligramu 0.5 katika lita 40,000 kunahitaji gramu 20 za klorini, yaani kama gramu 31 za unga wenye nguvu ya asilimia 65, uliokorogwa kwanza ndani ya ndoo kisha ukamiminwa wakati tangi linajazwa. Unga huo usiwekwe kamwe katika chumba cha jenereta, kwa kuwa ukigusana na mafuta unaweza kuwaka moto.

Hatua ya tatu: kugawa mzigo wa umeme

Gawa vifaa vyote katika makundi matatu, na ugawaji huo uwe wa nyaya kwenye ubao wa umeme, si wa karatasi tu. Kundi la kwanza halipaswi kuzimika hata sekunde moja: kompyuta za mapokezi, mtandao, taa za dharura na king'ora cha moto. Hili hubebwa na betri na inveta. Mzigo wake ni mdogo, kilowati 1.5 kwa saa 2 ni kilowati-saa 3, ambazo kwa betri za risasi zisizotumiwa zaidi ya nusu zinahitaji betri za kilowati-saa 6. Kundi la pili hurudi ndani ya dakika moja kwa jenereta: vyumba vya baridi, pampu ya maji, jiko, taa za vyumba na korido. Kundi la tatu husubiri au hupewa zamu: viyoyozi, hita za maji, mashine za kukaushia nguo na pasi kubwa.

Baada ya kuacha hita na mashine za kukaushia nje ya jenereta, na kuruhusu viyoyozi kwa kiasi, hoteli yetu inahitaji kilowati 56 kuanzia saa 12 jioni hadi saa 6 usiku, kilowati 16 kuanzia saa 6 usiku hadi alfajiri, na kilowati 40 mchana.

Hatua ya nne: kwa nini jenereta mbili

Ukubwa wa jenereta huandikwa kwa kVA, na kwa kawaida kilowati ni asilimia 80 ya tarakimu hiyo. Jenereta ya kVA 100 inatoa kilowati 80. Soma pia aina ya kipimo kilichoandikwa kwenye kibao chake. Kipimo cha dharura ni cha mashine inayofanya kazi mara chache kwa mwaka, na kipimo cha kazi ya kudumu ni cha mashine inayowashwa kila siku kwa mzigo unaobadilika. Mahali ambapo umeme hukatika kila wiki, fanya hesabu kwa kipimo cha kazi ya kudumu, na wastani wa mzigo usizidi asilimia 70 yake. Mwinuko mkubwa kutoka usawa wa bahari na joto kali hupunguza nguvu ya injini, kwa hiyo muuzaji atoe tarakimu za mahali pako.

Jenereta ya kVA 100 inabeba jioni yetu kwa asilimia 70 kamili. Shida iko usiku, ambapo kilowati 16 ni asilimia 20 tu ya uwezo wake. Injini ya dizeli inayofanya kazi kwa muda mrefu chini ya asilimia 30 haipati joto la kutosha kuchoma mafuta yote. Mafuta yasiyoungua hujikusanya kwenye ekzosi, na kuta za silinda hutanda utando laini unaofanya oili ipite. Utaitambua hali hiyo kwa ute mweusi wa mafuta unaochuruzika kwenye maungio ya ekzosi, moshi mweupe au wa bluu wakati wa kuwasha, na oili inayopungua bila kuvuja nje. Moshi ukiwa mweusi mzito, tatizo ni jingine: injini imezidiwa mzigo au filta ya hewa imeziba.

Kwa hiyo ongeza jenereta ndogo ya kVA 30, yenye kilowati 24, ambayo kwake kilowati 16 za usiku ni asilimia 67. Siku jenereta kubwa ikiharibika, ndogo bado inaweza kubeba vyumba vya baridi, pampu na taa. Kwa maoni yangu faida hii ya pili ndiyo yenye uzito zaidi, maana hoteli yenye jenereta moja haina akiba siku ya kuifanyia matengenezo.

Swichi ya kubadilishia umeme iwe ya aina inayozuia kabisa jenereta na gridi kuungana kwa wakati mmoja. Umeme wa jenereta ukirudi kwenye nyaya za nje unaweza kumuua fundi anayezitengeneza akiamini zimezimwa. Jenereta zikae mbali na madirisha ya vyumba, na ekzosi ielekezwe mahali ambapo moshi hauwezi kuingia ndani, kwa kuwa gesi yake yenye sumu haina harufu wala rangi.

Hatua ya tano: dizeli

Hesabu huanza na kiasi kinachochomwa kwa kila mzigo. Katika mfano wetu jenereta kubwa inakunywa kama lita 16 kwa saa jioni na lita 12 mchana, na ndogo kama lita 5 kwa saa usiku. Siku nzima isiyo na umeme inakula basi lita 96 za jioni, lita 144 za mchana na lita 30 za usiku, jumla lita 270. Ikiwa daftari linaonyesha kukatika kwa saa 55 kwa wiki, matumizi ya kawaida, kwa wastani wa lita 11 kwa saa, ni karibu lita 600 kwa wiki, au takriban lita 90 kwa siku.

Swali la ukubwa wa tangi linajibiwa na kuchelewa kwa gari la mafuta. Tuseme kwa kawaida hufika baada ya siku 3, na katika hali mbaya baada ya siku 6. Katika siku hizo 6 jiandae kwa siku 2 nzima bila umeme, ambazo ni lita 540, na siku 4 za kawaida, ambazo ni lita 360. Unahitaji lita 900 zinazotumika wakati unapoagiza. Ongeza lita 100 za chini kabisa ambazo hazichotwi, na kiwango cha kuagiza kinakuwa lita 1,000. Kikifikiwa, dizeli inaagizwa siku hiyohiyo, bila kusubiri mwisho wa mwezi. Tangi la lita 2,000 linatosha: haliruhusiwi kujazwa zaidi ya asilimia 95, yaani lita 1,900, lakini katika siku 3 za kusubiri gari zitakuwa zimetumika kama lita 270, hivyo shehena ya lita 1,000 itaingia bila kumwagika. Kwa lita 600 kwa wiki, mafuta yake hugeuka kila baada ya wiki chache, na hayakai hadi kuharibika. Tangi kubwa zaidi lingeleta mafuta ya zamani, hatari zaidi ya moto na kishawishi zaidi cha wizi.

Lizungushie tangi ukuta usiopitisha mafuta, wenye uwezo wa kubeba asilimia 110 ya ujazo wake. Lilalie upande mmoja kidogo, na valvu ya kutolea maji iwe kwenye ncha ya chini. Unyevu wa hewa hugeuka maji ndani ya tangi na kuzama chini ya dizeli, na mahali maji na dizeli vinapokutana huota vijidudu vinavyotengeneza ute mweusi. Ukiona filta za dizeli zinaziba kabla ya muda wake na zina utelezi kama kamasi, chanzo ni hicho. Mwaga maji hayo kila wiki ndani ya chupa angavu hadi itoke dizeli tupu.

Daftari la jenereta liwe na safu nne: saa za injini, kipimo cha mafuta kwa fimbo kabla na baada, kilowati-saa zilizozalishwa, na jina la aliyepima. Gawanya lita kwa kilowati-saa. Kwa mashine nzima yenye mzigo mzuri jibu huwa karibu 0.3. Tuseme kwa saa 14 zimezalishwa kilowati-saa 480 na fimbo inaonyesha lita 205 zimetoweka. Jibu ni 0.43, wakati matarajio yalikuwa kama lita 145. Lita 60 zinatafutwa. Angalia kwanza kama mzigo ulikuwa mdogo mno, kisha kama kuna uvujaji, na mwisho kama mafuta yametolewa na mtu. Ukifuata mpangilio huo hutamtuhumu mtu kwa kosa la mashine.

Matengenezo nayo hufuata saa za injini. Oili na filta zikibadilishwa kila saa 250, kama ilivyo kwa injini nyingi, saa 55 kwa wiki kwa mashine zote mbili zina maana kwamba fundi atahitajika takriban kila mwezi, wala si mara mbili kwa mwaka. Weka stoo seti mbili za filta kwa kila jenereta na betri moja ya kuwashia iliyo na chaji, kwa kuwa betri iliyokufa ndiyo sababu ya kawaida kabisa ya jenereta kukataa kuwaka.

Hatua ya sita: ngazi za kubana matumizi

Amua mapema, na ubandike ukutani, nini kinazimwa kwa kiwango gani, ili msimamizi wa zamu ya usiku asihitaji kumwamsha meneja. Katika hoteli yetu, dizeli inayotumika ikifika lita 600 na gari halijafika, viyoyozi vya mchana vinazimwa. Ikifika lita 300, jenereta kubwa inapumzishwa na ndogo inabaki peke yake: kwa lita 5 kwa saa, lita 300 zinaipa hoteli saa 60 za vyumba vya baridi, taa na pampu, na pampu inahitaji saa 4 tu kati ya kila saa 24.

Kwa maji, tangi la chini likibaki na lita 40,000 na bomba bado kavu, kufua kunasimamishwa au kunapelekwa nje. Nguo za wageni 72, kwa kilo 3 kila mmoja na lita 15 kwa kilo, ni zaidi ya lita 3,000 kwa siku. Boza linaagizwa wakati huohuo, kwa sababu boza la lita 10,000 halifikishi hata nusu siku ya matumizi na huenda likahitajika kuja mara kadhaa. Hakikisha kwamba lango linalipitisha, kwamba mpira wake unafika kwenye mdomo wa tangi, na kwamba maji yake yanapimwa klorini kabla ya kumwagwa.

Mara moja kwa mwezi, mchana, zima swichi kuu ya gridi kwa makusudi na uiache hoteli ijiendeshe kwa saa nzima. Andika sekunde ambazo jenereta imechukua kupokea mzigo, vifaa vya kundi la kwanza vilivyozimika, na kama pampu imewaka yenyewe boya la juu liliposhuka. Kila kasoro iliyoonekana iandikiwe mtu na tarehe ya kurekebishwa, kisha jaribio lirudiwe siku ya kazi hiyo kukamilika.